Tiketi ya kusubiri nafasi: lenga ndege ya kwanza ya siku

Kama unasafiri na tiketi ya stendibai, jiandikishe kwa ndege ya kwanza ya siku, usisubiri ya mwisho hata kama inaonekana ina siti nyingi. Siti yako haitokani tu na zile zisizouzwa, inatokana pia na watu wenye tiketi kamili ambao hawajatokea, na hao wanajulikana dakika za mwisho kabisa, muda wa kuripoti ukishapita, ndo wafanyakazi wa getini wanaanza kuita majina kwa kufuata listi. Kwa hiyo usiende kutafuta chai saa hiyo, ukiitwa haupo wanaruka kwa anayefuata.

Tuseme wewe ni wa 5 na siti zimebaki 3. Walio namba 3 na 4 wako pamoja, na mmoja wao hayupo getini, mwenzake akagoma kuondoka peke yake, hapo unaingia. Asipogoma, umekosa, lakini kwa kuwa ni asubuhi unahamishiwa listi ya ndege inayofuata, ila hakikisha kaunta kwamba wamekuhamisha kweli.

Inapofeli ni pale ndege ya mapema ikifutwa, abiria wake wote wenye tiketi kamili wanapangwa mbele yako na siku nzima inajaa. Ukiona hivyo, angalia mapema basi, treni au pa kulala, na kama una harusi, msiba au interviu kesho yake nunua tiketi ya uhakika tu.