Vito vimeibwa? Andika uzito kama ulivyo kwenye cheti cha sonara

Shangazi yangu hapa Kampala aliibiwa mkufu, akaiandikia kampuni ya bima: "mkufu wa dhahabu, gramu 24." Cheti cha uthamini alichoambatisha kilisema gramu 21. Barua ikarudi na maswali, naye hakuwa amedanganya hata kidogo. Gramu 24 ni mkufu pamoja na mawe yake. 21 ni dhahabu peke yake.

Kwa hiyo andika vipimo vyote viwili vya uzito, na karati, hivi:

"1. Mkufu wa dhahabu, karati 22, mawe mekundu matano, kibanio kimeunganishwa upya. Uzito wote gramu 24, dhahabu gramu 21. Tazama Kiambatisho 1."

Hilo la kibanio usiliache, maana alama ya namna hiyo ndiyo hutofautisha mkufu wako na mingine. Kila kito kipe namba yake, na namba hiyohiyo uiandike juu ya nakala ya cheti chake. Cheti kikiwa cha zamani, usipandishe thamani mwenyewe. Taja tarehe yake. Ongeza namba ya SD, yaani ya daftari la matukio la kituo, uliyopewa polisi. Vyeti halisi baki navyo.