Unapokabidhi mradi, andika na ahadi za mdomo

Hali ya kazi mrithi wako ataipata kwenye ripoti, hata kwa kuhangaika. Ahadi ulizotoa kwa mdomo hatazikuta popote, mpaka siku mteja atakapomdai. Kabla hujaondoka, pitia barua pepe ulizotuma na kumbukumbu za vikao vya karibuni, ukitafuta maneno kama "tutaliangalia" au "nitakujulisha". Humo ndimo ahadi zinamojificha.

Usiandike "mafunzo yanaendelea". Andika hivi: "Mteja aliahidiwa kikaoni kwamba watumiaji wa tawi la pili watafundishwa kabla mfumo haujaanza kutumika. Haimo kwenye mkataba, haina bajeti, na mdhamini wa mradi hajaidhinisha. Mteja anasubiri tarehe." Hapo mrithi anajua la kufanya kwanza: kupata idhini, ndipo ataje tarehe.

Hatari nazo ziandikie dalili ya kutazamwa. "Msambazaji anaweza kuchelewa" haimsaidii mrithi. "Asipothibitisha usafirishaji kufikia Ijumaa, majaribio yatasogea" inamsaidia.

Mwisho, wewe na mrithi mpigieni mteja simu mkiwa wawili, mumsomee orodha ya ahadi zinazomhusu. Mara nyingi atataja moja uliyoisahau.