Mvuke juu ya matoke: paka kwanza, kisha ufiche

Matoke yamefunuliwa kwenye majani ya mgomba lakini pichani yanaonekana yamepoa? Kwenye Photoshop ongeza leya mpya, uiweke `Screen`. Kwa brashi nyeupe laini (`Hardness` 0%, `Flow` 5%) chora mistari mitatu minne inayopinda kwenda juu, kisha tia `Gaussian Blur`. Kwa picha ya upana wa pikseli 2000, `Radius` ya pikseli 15 inatosha. Sasa weka maski, uipake nyeusi kidogo kidogo katikati ya mistari na kwenye ncha. Hapo ndipo penye kazi: mvuke hukolea karibu na chakula, ukapotea juu. Maski haifuti, huficha tu. Ukizidisha, paka nyeupe urudishe. Nyuma pakiwa peupe mvuke hauonekani hata kidogo, kwa hiyo tia giza kwanza.