Somo: Riba inayobadilika kila wakati, na fedha iliyowekwa katikati ya safari

Nguvu ya riba, δ(t), ni kasi ya kukua kwa fedha katika lahaza moja ikigawanywa kwa fedha iliyopo lahaza hiyo: δ(t) = a′(t)/a(t). Hapa a(t) ni fankisheni ya limbikizo, yaani thamani ya 1 iliyowekwa wakati 0. Upande wa kulia ni kasi ya kubadilika kwa ln a(t), kwa hiyo ukiitafutia δ integrali unapata logi, kisha unairudisha kwa e:

a(t) = exp( ∫₀ᵗ δ(s) ds )

Tuchukue δ(t) = 0.04 + 0.01t, t ikiwa miaka. Unaweka 1,000 mwishoni mwa mwaka wa 2. Mwishoni mwa mwaka wa 5 zitakuwa ngapi?

Hatua ya 1. Panga mipaka ya integrali kwa saa ya δ, si kwa umri wa amana. Mipaka ni 2 na 5. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanaona miaka mitatu, wanaandika 0 hadi 3.

Hatua ya 2. Integrali ya δ ni 0.04t + 0.005t². Kwenye 5 inatoa 0.325, kwenye 2 inatoa 0.10. Tofauti ni 0.225.

Hatua ya 3. 1,000 × e^0.225 = 1,252.32.

Aliyeanzia 0 hadi 3 atapata 1,000 × e^0.165, yaani 1,179.39. Pungufu ya karibu 73, kwa sababu ameipa amana riba ndogo ya miaka ya mwanzo, wakati amana yenyewe haikuwepo kuipokea. Kipimo cha haraka: jibu lazima liwe sawa na 1,000 × a(5)/a(2). Na a(5)/a(2) huwa sawa na a(3) pale tu δ isipobadilika, au kwa bahati ya namba.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, wastani wa δ kati ya 2 na 5 ni 0.075. Nimekokotoa 1,000 × 1.075³ nikapata 1,242.30. Kwa nini haifanani?*

Wastani wako ni sahihi, na 0.075 × 3 ni ile ile 0.225. Lakini 0.075 ni nguvu ya riba, si riba ya mwaka. Iweke kama kipeo cha e. Riba halisi ya mwaka inayolingana nayo ni e^0.075 − 1, takriban 7.79%.

*Je, δ ikiwa 0.06 hadi mwaka wa 4, kisha ikaruka ghafla kuwa 0.08?*

Kata integrali pale pale kwenye mwaka wa 4. Kutoka 2 hadi 4 ni 0.12, kutoka 4 hadi 5 ni 0.08, jumla 0.20. Amana inafika 1,221.40. Mruko huo hauiharibu a(t): thamani yenyewe hairuki, ila mwinuko wake unabadilika ghafla.