Mfululizo mfupi hupunja mgawo wa AR(1)

Chukua data ya `lh` iliyomo ndani ya R: vipimo 48 vya homoni kwenye damu, kila baada ya dakika 10.

```r
acf(lh)
arima(lh, order = c(1, 0, 0))
```

Kwenye grafu ya otokorelesheni, mistari ya nukta iko ±0.28, yaani 1.96/√48. Nguzo ya hatua ya kwanza, takriban 0.58, inaivuka waziwazi. Zinazofuata zinabaki ndani, basi AR(1) ni pa kuanzia.

Mgawo unatoka 0.574, lakini usiubebe hivyohivyo. Ufupi wa data huuvuta chini kwa kama (1 + 3φ)/n, hapa 0.06, hivyo 0.63 ni kadirio la haki zaidi. Kosa sanifu lenyewe ni 0.12, mara mbili ya marekebisho hayo! Na hicho R inachokiita `intercept`, 2.41, ni wastani wa mfululizo.