Viungo vikivimba pamoja na homa, chagua dawa kwa uangalifu

Homa ya ghafla inayovimbisha vidole na vifundo vya mikono na miguu, kiasi cha mtu kushindwa kufunga kifungo cha shati, huelekea zaidi kuwa chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1952 kusini mwa Tanzania na kupewa jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Dengi huuma zaidi misuli na nyuma ya macho, ilhali Zika mara nyingi huleta homa ndogo na macho mekundu. Vipele havisaidii sana kuamua, maana magonjwa yote matatu huvitoa.

Kwa kuwa yote huenezwa na mbu yuleyule mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana, tumia parasetamoli na uepuke aspirini, ibuprofeni na diklofenaki mpaka dengi iondolewe shaka, kwani dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu.

Mjamzito aende kliniki hata kwa homa ndogo: Zika yaweza kudumaza ubongo wa mtoto tumboni, na chikungunya humwambukiza mtoto hasa mama akiugua karibu na kujifungua. Zika huambukizwa pia kwa kujamiiana, hivyo mume aliyeugua atumie kondomu au ajizuie muda wote wa mimba.