Mkanda wa saa ukianza kunata

Kunja mkanda wako wa mpira kwa nje, pale kwenye tundu unalofungia kila siku. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, badilisha. Wangu ulikatikia hapo hapo nikiwa juu ya bodaboda. Mikanda ya plastiki laini ya saa za bei rahisi huliwa na joto na unyevu wa jasho: hunata kwanza, kisha humeguka, na hakuna sabuni ya kuirudisha. Silikoni huvumilia joto, ila hunasa vumbi, na ikipata mkato mdogo karibu na pini huchanika upesi. Kwa kuvaa kutwa nachagua iliyoandikwa FKM, mpira usiojali jasho wala mafuta ya ngozi, japo bei yake imechangamka. Jioni isuuze kwa maji, uianike kivulini.